Bundi haoni gizani: hotuba kuhusu macho, masikio na shingo ya ndege wa usiku

(Hotuba hii ilitolewa Morogoro mbele ya walimu wa sayansi, wanafunzi na wakulima. Imeandikwa upya kutokana na maelezo ya msemaji mwenyewe.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu shikamooni, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliokaa nyuma kama kawaida yenu.

Nikiuliza humu ukumbini bundi anawindaje usiku, karibu kila mkono utakaonyoshwa utajibu kwamba anaona gizani. Jibu hilo limo hata kwenye madaftari ya wanafunzi wangu. Nimekuja kulipinga. Mfungie bundi ndani ya chumba kisichopenya mwanga hata chembe, naye atakuwa kipofu kama mimi na wewe. Tofauti ni kwamba mimi na wewe tutalala njaa, na yeye atakula.

Bundi ninayemzungumzia leo ni yule mwenye uso mweupe wenye umbo la kopa, anayekaa kwenye mapango ya miti, kwenye dari za majengo ya zamani na minara ya makanisa. Kitaalamu anaitwa Tyto alba. Nimemchagua kwa sababu ndiye aliyechunguzwa kuliko bundi wote duniani, na pia kwa sababu wengi wenu mnaye jirani bila kutaka. Mambo ya uchawi na mikosi nayaacha. Kila mtu ana bibi yake aliyemsimulia hayo, nami siwezi kushindana na bibi ya mtu.

Jaribio lililomaliza ubishi wa gizani lilifanywa Marekani katika miaka ya 1950 na 1960 na kijana aliyeitwa Roger Payne, ambaye baadaye alipata sifa kwa kuchunguza nyimbo za nyangumi. Payne aliziba chumba mpaka kikawa giza totoro, akatandaza majani makavu sakafuni, akamweka bundi juu ya kitulio, kisha akaachia panya. Panya akitembea, majani yanachakarika. Bundi akaruka, na taa ilipowashwa panya alikuwa kwenye kucha. Aliporudia, ikawa vilevile. Mara chache bundi alipokosa, alikosa kwa sentimita chache tu.

Mtu makini atauliza mara moja: tutajuaje kwamba hakunusa? Tutajuaje kwamba hakuhisi joto la mwili wa panya? Hapo ndipo ninapompenda Payne. Aliondoa majani, akaweka sakafu laini ambayo panya akipita haisikiki, kisha akamfunga panya kipande cha karatasi mkiani kwa uzi. Panya akatembea kimya, karatasi ikawa inachakarika nyuma yake. Bundi aliruka akaidaka karatasi. Panya mwenye harufu na joto lake alikuwa hatua moja mbele, na hakuguswa. Kisha Payne akaziba sikio moja la bundi kwa pamba, na bundi yuleyule hodari akatua kabla ya kumfikia panya. Masikio yote mawili yalihitajika.

Sasa turudi kwenye macho, maana sitaki mtoke hapa mkidhani ni mapambo. Giza tupu la chumba cha Payne halipatikani porini. Hata usiku usio na mbalamwezi kuna nyota, na bundi hutumia mwanga huo mdogo vizuri. Bundi wa misitu ya Ulaya aitwaye kitaalamu Strix aluco ana uzito wa nusu kilo hivi, lakini jicho lake lina urefu wa milimita 28 kutoka mbele hadi nyuma, wakati jicho la mtu mzima lina milimita 24. Mboni yake inafunguka mpaka milimita 13. Yetu inaishia kwenye 8. Mwanga mwingi unaingia, na nyuma ya jicho retina imejaa seli za mwanga hafifu, zile zisizojali rangi.

Pamoja na hayo yote, mtafiti Graham Martin wa Uingereza alipopima mwanga mdogo kabisa ambao bundi huyo anaweza kuuona, akaulinganisha na ule wa binadamu, alikuta bundi anatuzidi mara mbili au tatu hivi. Si mara mia, jamani. Njiwa ndiye anayezidiwa mara mia. Sisi binadamu si wabaya usiku kama tunavyojidharau. Tatizo letu ni kwamba tunatembea na tochi na simu, macho hayapati nafasi ya kuzoea giza. Na rafiki yetu mwenye uso wa kopa ana macho madogo kuliko huyo wa Ulaya. Yeye ameegemea zaidi kwenye masikio.

Kuna gharama moja ya jicho kubwa ambayo itatusaidia baadaye, kwa hiyo naomba muishike. Jicho letu ni tufe, linabingirika ndani ya tundu lake kwa misuli. Jicho la bundi si tufe. Limerefuka kwenda nyuma, likawa na umbo la mrija, na limezungukwa na pete ya vipande vya mifupa inayolishikilia. Kama lingekuwa tufe la ukubwa huo, lisingeenea kwenye fuvu dogo kiasi kile. Matokeo yake ni kwamba bundi hawezi kukukodolea macho kwa pembeni. Macho yake husogea kwa nyuzi moja au mbili za pembe tu, yaani ni sawa na hayasogei. Anapotazama, anatazama mbele.

Nayo masikio? Kwanza niseme kwamba vile vishungi vya manyoya vinavyosimama kichwani mwa baadhi ya bundi si masikio. Bundi wetu mweupe hana hata hivyo vishungi, na bado anasikia vizuri sana. Masikio halisi ni matundu mawili yaliyojificha chini ya manyoya, pembeni mwa macho. Uso wenyewe, ile kopa nyeupe, ndio unaokusanya sauti: kingo zake zina manyoya magumu yaliyosongamana, yanayoielekeza sauti kwenye matundu, kama mzee anayeweka kiganja nyuma ya sikio ili akusikie. Watafiti walipoyanyoa manyoya hayo, bundi aliendelea kujua kama sauti iko kushoto au kulia, lakini akawa hajui tena kama iko juu au chini.

Jambo hilo la juu na chini ndilo kiini cha maarifa yake. Kushoto na kulia hata mbuzi anajua. Lakini mwindaji anayeshuka kutoka juu anahitaji kujua pia ni chini kiasi gani, la sivyo atapita juu ya panya au atajigonga kabla ya kumfikia.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Bundi ametua kwenye nguzo ya uzio pembeni mwa shamba la mahindi lililovunwa. Panya anakanyaga bua kavu, upande wa kulia wa bundi, nyuzi 10 kutoka pale uso wake ulipoelekea, na chini kidogo. Sauti inasafiri mita 340 kwa sekunde. Matundu ya masikio ya bundi yameachana kwa sentimita 5 hivi, kwa hiyo hata sauti ikitoka ubavuni kabisa, inalifikia sikio la pili ikiwa imechelewa kwa kipande kisichofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ni kama sehemu 150 za milioni, au zaidi kidogo kwa sababu sauti inabidi ikizunguke kichwa. Kwa panya wetu wa nyuzi 10, sikio la kulia litatangulia kwa sehemu 25 hivi za milioni ya sekunde. Bundi anautambua upungufu huo, na hata mdogo kuliko huo.

Anautambuaje? Neva zenyewe hazina kasi ya kuhesabu namna hiyo, na hapa ndipo ninapowaomba walimu wenzangu wa fizikia wanisikilize. Mwaka 1948 Mmarekani Lloyd Jeffress alipendekeza kwa karatasi na kalamu jinsi ubongo unavyoweza kufanya kazi hiyo bila saa. Weka mstari wa seli. Nyuzi za neva kutoka sikio la kushoto ziingie kwa upande mmoja wa mstari, za kulia ziingie kwa upande wa pili. Kila seli iwake pale tu ishara mbili zinapoifikia kwa pamoja. Ikiwa panya yuko kulia, ishara ya kulia imetangulia, kwa hiyo itakuwa imesafiri mbali zaidi kwenye mstari kabla ya kukutana na ya kushoto, na seli itakayowaka ni ya upande wa mbali. Ubongo hauhitaji kupima muda. Unaangalia tu ni seli ipi imewaka.

Karibu miaka 40 baadaye, Masakazu Konishi, Mjapani aliyefanya kazi California, pamoja na Catherine Carr, walikuta mpangilio wa namna hiyo ndani ya ubongo wa bundi huyu tunayemzungumza: nyuzi zinaingia kutoka pande mbili, urefu wa njia ndio unaochelewesha ishara. Nikiwa mwalimu, hili hunifurahisha kuliko mengi ninayofundisha, maana wazo lilitangulia na mnyama akaja kulithibitisha.

Hiyo ni kulia na kushoto. Kwa juu na chini bundi anatumia ukali wa sauti, na amejengwa upande kwa makusudi hayo. Tundu la sikio la kushoto liko juu kuliko la kulia, lakini limeelekea chini. La kulia liko chini, limeelekea juu. Ukimtazama kwa nje huoni kitu, uso umenyooka vizuri. Chini ya manyoya ndipo mambo yalipopinda. Panya akiwa chini ya usawa wa macho, ile michakacho mikali ya bua kavu inasikika zaidi kwenye sikio la kushoto. Popo akipita juu, la kulia linazidi. Panya wetu basi ametoa taarifa mbili kwa mpigo mmoja: muda umesema nyuzi 10 kulia, ukali umesema chini kidogo. Mwaka 1978 Konishi na Eric Knudsen walionyesha kwamba taarifa hizo mbili zinakutana katika ubongo wa kati na kuunda ramani, ambapo kila seli inajibu sauti kutoka sehemu moja tu ya anga iliyo mbele ya bundi.

Na unaweza kuipotosha ramani hiyo ukajua hakika kwamba ndivyo inavyofanya kazi. Ziba kidogo sikio la kushoto, bila kulifunga kabisa. Sasa kila sauti inaonekana kama inazidi kulia, na kulia maana yake ni juu. Bundi atatazama juu kuliko ilipo sauti, na kulia kidogo. Ziba la kulia, atatazama chini na kushoto kidogo. Kosa linatokea upande uleule unaotabiriwa, kila mara.

Knudsen aliendelea kwa kuwavisha bundi wachanga miwani inayosogeza picha pembeni kwa nyuzi 23. Baada ya wiki kadhaa ramani ya masikio ilihama ikafuata macho, ingawa masikio yenyewe hayakuguswa. Kwa bundi wazima haikuhama kirahisi hivyo. Kwa hiyo macho, hata kwa ndege anayewinda kwa masikio, ndiyo mwalimu wa masikio utotoni. Kwa wazee waliomo humu nina habari nyingine: mwaka 2017 watafiti wa Oldenburg, Ujerumani, walipima usikivu wa bundi wazee, mmoja wao akiwa na miaka 23, wakakuta wanasikia sawasawa na vijana. Seli za sikio la ndege zikifa huota nyingine. Zetu hazioti, poleni.

Ramani hiyo ina mpaka. Usahihi wake, kosa la nyuzi moja au mbili, upo mbele ya uso. Kadiri sauti inavyokwenda ubavuni, kosa linakua. Macho nayo, tulishasema, yamefungwa na mfupa. Yaani kila chombo cha huyu ndege kimekazwa kwenye fuvu, hakuna sikio linalogeuka kama la paka wala jicho linalobingirika. Akisikia mchakacho ubavuni, anayo njia moja tu ya kuupima vizuri: kuuelekeza uso mzima pale, mpaka tofauti ya muda kati ya masikio iishe. Angeweza kugeuza mwili wote, lakini kuhamisha miguu juu ya tawi na kukunjua mabawa kungepiga kelele kwenye masikio yake mwenyewe, na kungemwonyesha kwa kila aliye chini. Basi shingo inafanya kazi hiyo.

Inageuka nyuzi 270 kuelekea kulia, na vilevile kushoto. Hiyo ni robo tatu ya duara. Wanaosema anazungusha kichwa mzunguko mzima wamedanganywa na kasi: anafika mwisho upande mmoja, anarudi ghafla kwa upande wa pili, na gizani wewe unaona uso tu unaokufuata.

Watu husema anaweza kwa sababu ana pingili 14 za shingo na sisi tuna 7. Ni kweli anazo, zimejipinda chini ya manyoya ndiyo maana unaona kama hana shingo. Lakini kuku naye ana idadi inayokaribia hiyo, na ndege wote fuvu lao limekalia shingo kwa kiungo kimoja, si viwili kama sisi. Watafiti wa Aachen, Ujerumani, walionyesha mwaka 2017 kwamba bundi mweupe anagawa kazi: pingili za juu zinageuka, za katikati zinajiviringisha kwa ubavu, na jumla yake ndiyo tunayoiona kama mgeuko mmoja.

Mifupa haikuwa kitendawili kikubwa. Kitendawili kilikuwa damu. Mtu akisokotwa shingo kwa nguvu, kwenye ajali ya gari au kwa mkandaji asiye na ujuzi, mshipa unaopanda kupitia matundu ya pingili unaweza kuchanika ukutani, damu ikaganda, akapata kiharusi. Kwa nini bundi asianguke kutoka kwenye tawi kila jioni?

Huko Baltimore, katika chuo cha tiba cha Johns Hopkins, mchoraji wa picha za kitabibu Fabian de Kok-Mercado na daktari wa mishipa Philippe Gailloud walichukua bundi 12 waliokufa kwa sababu za kawaida, wakajaza mishipa yao rangi inayoonekana kwenye eksirei, wakawageuza vichwa wakitazama. Matokeo yalitoka mwanzoni mwa 2013. Kwanza, tundu la pingili ambalo mshipa unapita lina upana kama mara 10 ya mshipa wenyewe. Kwa binadamu tundu na mshipa vinakaribiana, hakuna nafasi ya kukwepa. Pili, mshipa huo hauingii kwenye matundu kuanzia chini kabisa. Unaingia juu zaidi, kwenye pingili ya 12 ukihesabu kutoka kichwani, kwa hiyo kipande cha chini kimeachwa huru na kina ulegevu. Tatu, na hili liliwashangaza wenyewe, mishipa ya chini ya taya ilivimba kadiri rangi ilivyoingia, wakati kwa kawaida mishipa huwa inapungua upana inavyokaribia kugawanyika. Vile vivimbe huweka akiba ya damu. Nne, kuna vijia vidogo vinavyounganisha mishipa ya mbele ya shingo na ile ya nyuma, hata njia moja ikibanwa, nyingine inalisha ubongo na macho. Waliowachunguza walikuwa bundi wa Amerika na wa nchi za barafu, sio huyu wetu, lakini shingo ya wetu inageuka vilevile.

Nimalizie na bundi asiye na mambo haya, maana ukimwona utaelewa kwa nini mwingine anayo. Kando ya mto Rufiji yuko bundi mkubwa wa rangi ya kutu anayekula samaki, kitaalamu Scotopelia peli. Samaki chini ya maji hachakarishi majani. Ukimtazama usoni, ile duara ya manyoya ya kukusanya sauti imefifia sana. Hata mabawa yake yanasikika anaporuka, kwa sababu hayana ule uzi laini wa pembeni unaonyamazisha mabawa ya bundi mweupe. Samaki hamsikii, na yeye hana mchakacho wa kusikiliza njiani. Anakaa juu ya tawi, anatazama viwimbi kwenye mwanga wa mwezi. Lakini macho yake nayo yamefungwa na mfupa, na kijiwimbi kikitokea nyuma yake, shingo inageuka kama ya ndugu yake wa shambani.

Asanteni. Maswali nayapokea, ila ya uchawi yapelekwe kwa bibi.